Gemu langu linaganda nikiwa shule tu, nyumbani linacheza poa, na maonyesho ni Jumamosi. Wakuu naombeni msaada

BintiChandimu · Jumatatu, saa 1:40 usiku

Wakuu shikamooni, wale wa rika langu mambo.

Niko kidato cha tatu hapa Singida. Nimetengeneza gemu la mpira kwa Godot 4, linaitwa Chandimu, wawili kwa wawili, uwanja wa vumbi, magoli ya matofali, mpira wa soksi. Jumamosi shule yetu ina maonyesho ya klabu na mwalimu wa kompyuta kashatangaza kwamba watu wawili watacheza ukumbini kwetu dhidi ya wawili walioko shule rafiki Babati, wazazi wanaangalia kwenye projekta. Kwa iyo msiniambie niunganishe kwa waifai ya ndani, wapinzani wako Babati.

Seva ni ya kukodi, ya mwalimu, iko Ujerumani. Nyumbani nikicheza na kaka kila mtu na simu yake na laini yake linaenda vizuri, linachelewa kidogo ila linachezeka. Leo tumejaribu ukumbini na ile rauta ya laini ya shule, simu mbili kwenye rauta moja. Dah. Mechi ikianza liko sawa kabisa, ikifika kama sekunde kumi mchezaji anaanza kuitika kwa kuchelewa, afu anazidi kuchelewa, mpaka unabonyeza piga shuti unahesabu moja, mbili, ndo anapiga. Na wa upande wa pili wanaganda halafu wanaruka mbele kama wamerushwa. Tukitoka kwenye mechi tukarudi linakuwa sawa tena sekunde kumi, hadithi inaanza upya.

Tatizo ni nini? Siku zimebaki nne na laptopu ni ya kaka, naipata usiku tu.

KingBando · saa 1:52 usiku

Dogo hapo ni spidi ya neti tu hakuna kingine. Wekeni bando la maana, tafuteni sehemu yenye 4G iliyonyooka, tatizo limekwisha. Tunajitesa na 3G halafu tunalaumu gemu.

Msafi_wa_Simu · saa 1:58 usiku

Futa keshi, funga apu zote za nyuma, shusha grafiksi ziwe za chini. Simu yangu ilikuwa inaganda hivyo hivyo kumbe memori imejaa video za magroup ya harusi.

BintiChandimu · saa 2:03 usiku

@Msafi_wa_Simu asante lakini fremu ziko 60 muda wote, nimeziweka kwenye kona ya skrini nazitazama. Picha inatembea laini, mchezaji ndo haitiki.

FundiPaketi · saa 2:31 usiku

Marahaba binti. Umeeleza vizuri kuliko watu wazima wengi humu, yaani jibu umeshaliandika mwenyewe ila hujaliona. Liko kwenye hilo neno "anazidi kuchelewa".

Umbali hauzidi. Ujerumani ilipo sekunde ya kwanza ndipo ilipo sekunde ya kumi. Kitu kinachoanza vizuri halafu kinarundikana taratibu, na ukitoka ukarudi kinaanza upya, hiyo ni foleni. Mahali fulani paketi zinaingia haraka kuliko zinavyotoka, zinasubiriana kama watu dirishani. Na nakisia dirisha lenyewe ni kupakia, yaani kwenda juu kutoka kwenye ile rauta, maana laini za simu kushuka huwa kunene, kupanda ndo kwembamba.

Kesho fanya vitu viwili. Moja, pima pingi, yaani muda wa paketi kwenda kwenye seva na kurudi, mara mia hakuna anayecheza, halafu pima tena mechi ikiendelea. Pili, niambie simu moja inatuma nini kwa seva, ukubwa gani, na mara ngapi kwa sekunde.

MhasibuWaMtaa · saa 3:10 usiku

Samahani naingilia uzi wa gemu na mimi sichezi. Ofisini kwetu kikao cha video kinaenda safi mpaka yule kijana wa mauzo aanze kupakia mapicha ya mzigo, hapo bosi anaganda mdomo wazi mpaka kijana amalize. Ni ugonjwa huo huo au ni mwingine?

FundiPaketi · saa 3:14 usiku

Ni huo huo. Picha zinajaza foleni ya kupanda, sauti yako inapanga mstari nyuma ya picha.

BintiChandimu · Jumanne, saa 2:20 usiku

Nimepima mchana pale ukumbini, mwalimu kanipa laptopu yake dakika ishirini. Hakuna anayecheza:

```
100 packets transmitted, 99 received, 1% packet loss
rtt min/avg/max/mdev = 168.2/181.5/240.7/9.3 ms
```

Simu mbili zinacheza:

```
100 packets transmitted, 91 received, 9% packet loss
rtt min/avg/max/mdev = 171.9/1148.6/2304.1/611.8 ms
```

Nimeshtuka. Na nimepima spidi, kushuka megabiti 4, kupakia 0.35 tu.

Kila simu inatuma hali yote ya mchezaji, alipo, kasi, anaangalia wapi, anakimbia au kasimama, jina, rangi ya jezi, na alipouona mpira. Natuma kama maandishi ya JSON, mara 60 kwa sekunde. Ukijumlisha na vichwa vya paketi ni kama baiti 420 kila moja. Na nimeandika hivi:

```gdscript
@rpc("any_peer", "call_remote", "reliable")
func hali(maandishi: String):
```

Niliweka reliable kwa sababu sikutaka kitu kipotee njiani.

FundiPaketi · saa 2:49 usiku

Haya chukua kalamu. Baiti 420 mara 60 ni 25,200, zidisha kwa 8 upate biti, unapata kama kilobiti 200 kwa sekunde. Hiyo ni simu moja. Ukumbini ziko mbili, 400. Dirisha linapitisha 350. Kwa iyo kila sekunde inayopita kilobiti 50 zinabaki kwenye foleni, na kuzimaliza hizo 50 kwa dirisha la 350 inataka sehemu ya saba ya sekunde. Baada ya sekunde kumi umeshachelewa sekunde moja na nusu hivi. Linganisha na ulichotueleza jana.

Nyumbani kila simu ina laini yake, 200 zinapita. Ndo maana.

Sasa hiyo reliable. Ukiituma hivyo, paketi namba 10 ikipotea, namba 11 mpaka 20 zikifika zinawekwa benchi zisubiri 10 irudiwe, halafu zote zinaachiliwa kwa mpigo. Hapo ndo wale wa Babati wanaganda halafu wanarushwa. Na kibaya zaidi, foleni ikiwa ndefu simu yako inadhani paketi imepotea kumbe iko kwenye foleni, inaituma tena, inazidi kuirefusha foleni yenyewe. Mahali mchezaji alipokuwa sekunde moja iliyopita hakuna anayepahitaji tena, kikipotea kiache kipotee, kipya kinakuja.

Usitume hali. Tuma vidole. Seva inahitaji kujua tu amebonyeza wapi, mahali alipo itapiga hesabu yenyewe. Uelekeo unaingia kwenye biti nne, shuti biti moja, yaani amri ya hatua moja ni baiti moja na nafasi inabaki. Jina na rangi ya jezi tuma mara moja mechi inapoanza, hiyo ndo reliable.

KingBando · saa 3:05 usiku

Kwa iyo nilikuwa sahihi, spidi. Wangekuwa na megabiti 2 za kupakia asingeona tatizo.

FundiPaketi · saa 3:08 usiku

Nusu yake uko sahihi mkuu, foleni ingeondoka. Ila zile 168 hazitoki hata ukimwekea bomba la maji ya mji mzima. Toka hapa kwetu mpaka Ujerumani angani ni kama kilomita 7,000, mwanga ndani ya nyuzi unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama waya ungenyooka, na haunyooki, unazunguka baharini.

Mdau_wa_Kijitonyama · saa 3:30 usiku

Hamisheni seva Afrika Kusini basi, mbona rahisi. Mimi toka hapa Dar napata 75 kwenda Johannesburg.

kaka_mkubwa_Moro · saa 3:41 usiku

Mimi Morogoro napata zaidi ya 300 kwenda huko huko Johannesburg lol. Nimepiga traceroute, paketi inapita London kwanza. Inategemea mtandao wako umeungana na nani, ramani haisaidii.

Mdau_wa_Kijitonyama · saa 3:44 usiku

Basi huo mtandao wako ndo mbovu.

kaka_mkubwa_Moro · saa 3:45 usiku

Sasa na binti akiwa na mtandao kama wangu?

BintiChandimu · Jumatano, saa 4:55 usiku

Nimeandika upya. Sasa natuma mara 20 kwa sekunde na kila paketi ina namba ya hatua na amri za vidole, jumla na vichwa vyote kama baiti 60. Yaani toka kilobiti 200 mpaka 10 kwa simu. Kichekesho ni kwamba amri zenyewe ni baiti chache, kinachokula ni vichwa vya paketi.

```gdscript
@rpc("any_peer", "call_remote", "unreliable_ordered")
func amri(b: PackedByteArray):
```

Foleni imekufa. Leo ukumbini simu mbili zinacheza na pingi iko 185.

Ila nimepata balaa jipya. Shuti zinapotea. Unabonyeza, hapigi. Labda mara moja katika ishirini hivi, lakini kaka kakosa goli wazi akanirushia mto.

FundiPaketi · saa 5:20 usiku

Paketi iliyobeba shuti imedondoka njiani na uliruhusu zidondoke. Usirudi kwenye reliable. Kila paketi ibebe amri za hatua tisa za mwisho badala ya tatu. Hatua ziko 60 kwa sekunde, unatuma mara 20, kwa iyo kila amri itasafiri ndani ya paketi tatu tofauti. Ili shuti lipotee lazima zidondoke tatu mfululizo. Seva ikiona hatua ambayo ilishaitekeleza inairuka. Umeongeza baiti sita tu.

BintiChandimu · saa 5:22 usiku

Baiti sita!! Mi nilikuwa naanza kuandika mfumo wa risiti za shuti. Asante babu.

FundiPaketi · saa 5:23 usiku

Babu tena. Nina 41.

BintiChandimu · Alhamisi, saa 2:10 usiku

Shuti hazipotei tena. Sasa najaribu kuondoa ule uzito wa kuchelewa, maana ukisukuma kijiti mchezaji anaondoka baada ya 185, mwanafunzi mwenzangu anasema ni kama kumsukuma ng'ombe. Nimefanya simu imsogeze mchezaji wangu papo hapo bila kusubiri seva, halafu jibu la seva likija namweka pale seva iliposema. Matokeo yake anakimbia mbele, anavutwa nyuma, anakimbia, anavutwa, kama mbuzi kafungwa kamba. Mama kaangalia akasema huyu mtoto wako anaumwa.

koda_wa_Buza · saa 2:35 usiku

Mlainishie, usimweke ghafla, msogeze taratibu kuelekea pale seva iliposema.

FundiPaketi · saa 3:02 usiku

@koda_wa_Buza hiyo inaficha kamba, haiikati, atakuwa anavutwa kwa upole. Seva inasema mahali alipokuwa wakati inapokea amri yako ya zamani. Mpaka jibu likufikie zimepita milisekunde 180 hivi, ambazo ni hatua 11. Ukimweka pale umemnyang'anya hatua 11 alizokwishatembea.

Kwa iyo jibu la seva lije na namba, "nimetekeleza mpaka hatua 940". Mweke pale seva iliposema, halafu chukua amri zako za 941 mpaka 951 ambazo umezihifadhi, zitekeleze zote ndani ya fremu hiyo hiyo. Kama simu na seva zinapiga hesabu moja, atatua pale pale alipokuwa na jicho halitaona kitu. Pakibaki tofauti, mfano kagongana na mpinzani ambaye simu yako haikumwona vizuri, hapo ndo ulainishaji wa Buza una kazi.

Wachezaji wengine usiwatabirie. Waonyeshe walivyokuwa milisekunde 100 zilizopita, ukiwatembeza kati ya taarifa mbili ulizonazo mkononi. Taarifa zinakuja kila 50, kwa iyo ikipotea moja bado una ya pili. Kwa laini za huko kwenu weka hata 150.

BintiChandimu · saa 5:48 usiku

Imekubali. Wakuu imekubali. Nimemkimbiza mchezaji uwanja mzima hakurudi nyuma hata kidole. Ila mpira wangu ni RigidBody2D, unaendeshwa na fizikia ya Godot yenyewe, na sijui nitaurudisha vipi hatua 11, injini haikubali kuurudia peke yake.

koda_wa_Buza · Ijumaa, saa 12:30 asubuhi

Mpira achana na RigidBody, uandike mwenyewe. Mpira wa soksi haudundi, ni mwendo, msuguano na kugonga tofali, mistari thelathini. Hapo utaurudia unavyotaka.

FundiPaketi · saa 1:15 asubuhi

Naunga mkono, Buza leo kanizidi. Ila kuna sehemu hata ukiandika vizuri hatuna dawa. Mpira ukiwa kati ya wewe na mtu wa Babati na wote mnaunyoosha mguu, kwenye simu yako umeupata wewe, kwenye simu yake kaupata yeye. Seva itamkubali mmoja, mwingine ataona mpira unamtoka mguuni. Mimi ningefanya mguu urudi nyuma kwanza kabla ya kupiga, nusu ya robo sekunde. Mnyanyuo unaonekana papo hapo mtu akibonyeza, hahisi kuchelewa, na wakati mguu unarudi amri inakuwa njiani.

kaka_mkubwa_Moro · saa 1:40 asubuhi

Sipendi hiyo. Unamchelewesha hata aliye na neti nzuri. Bora simu iamini mguu wake na seva ikubali aliyebonyeza kwanza kwa saa yake.

FundiPaketi · saa 1:47 asubuhi

Kwa saa yake nani? Atakayeidanganya saa atakuwa bingwa wa mkoa.

kaka_mkubwa_Moro · saa 1:49 asubuhi

Kwenye maonyesho ya shule nani anadanganya saa mkuu.

MhasibuWaMtaa · saa 4:00 asubuhi

Mimi nimekuja tu kuangalia kama mtoto amefanikiwa.

BintiChandimu · Jumamosi, saa 3:25 usiku

Nimerudi. Nimechoka ila naandika leo leo.

Mpira niliuandika usiku wa jana mpaka saa nane, ukatoka mistari 44. Mguu wa kurudi nyuma nimeuweka, milisekunde 120, samahani kaka wa Moro.

Asubuhi tumejaribu na Babati, safi kabisa. Saa tano wazazi wakaanza kuingia, ukumbi ukajaa, na kila mzazi ana simu na kila simu inarusha picha kwenye mnara ule ule tunaoutumia sisi. Mwalimu yuko jukwaani ananitambulisha, mi natazama namba ya pingi kwenye kona, 185, 240, 310, 420, inacheza cheza. Wale wa Babati wakaanza kuchomoka chomoka, 150 zilikuwa hazitoshi tena. Bahati nzuri usiku nilikuwa nimechoka kujenga apu upya kila nikibadilisha hiyo namba, nikaiwekea kitelezi, ukigusa nembo ya gemu mara tano kinafunguka. Nikaisogeza mpaka 300 kwenye laptopu ya projekta na simu zetu mbili, mikono inatetemeka, nikawapigia Babati wafanye hivyo hivyo. Walirudi kutembea kama watu. Wazazi hawakujua kitu, walidhani nasalimia.

Tulicheza dakika sita. 2 kwa 2, zimebaki sekunde chache, Babati wakapiga shuti, kipa wetu karuka, kwenye projekta ukumbi mzima umeuona mpira umegonga mikono yake. Watu wameshaanza kushangilia. Halafu mpira ukatoweka mikononi ukatokea ndani ya goli, 3 kwa 2.

Ukumbi ulilipuka. Baba mmoja kasimama anasema kompyuta imehongwa. Mwalimu kaniuliza mbele ya watu wote, binti, lilikuwa goli au halikuwa? Nikasema kwenye seva lilikuwa goli, kipa alibonyeza ila amri yake ilifika mpira umeshapita mstari. Akasema kwa hiyo macho yetu yametudanganya. Nikasema macho yenu yaliona simu ya kipa inavyotumaini. Wakacheka lakini yule baba hakukaa chini.

Sasa naulizia, na Babati tunarudiana mwezi ujao. Kwenye projekta nionyeshe vitu vyote kwa kuchelewa, mpaka seva iseme, ukumbi usione kitu ambacho hakijathibitishwa? Au niwaache waone kama wachezaji wanavyoona?

FundiPaketi · saa 3:50 usiku

Projekta haina mchezaji, haihitaji kutabiri hata hatua moja. Ichelewe nusu sekunde ionyeshe ya seva tu. Hilo ningekuambia Ijumaa, nimesahau kabisa kama kuna projekta. Niwie radhi.

kaka_mkubwa_Moro · saa 3:58 usiku

Halafu kipa anacheza hapo hapo ukumbini, kwenye simu yake kadaka, nusu sekunde baadaye projekta inaonyesha goli. Atagombana na projekta mbele ya baba yule.

KingBando · saa 4:06 usiku

Ila mngekuwa na 4G iliyonyooka...

BintiChandimu · saa 4:09 usiku

@KingBando mkuu 😂

@kaka_mkubwa_Moro ndo hapo sasa. Na baba yule ndo baba wa kipa.